Hesabu Kwanza, Ripoti Baadaye

Nyuma ya kaunta ya duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro palibandikwa karatasi iliyoandikwa hivi: "Kila jioni fedha zihesabiwe, zilinganishwe na mauzo, ziandikwe kwenye daftari na zipelekwe benki." Mwenye duka aliiandika mwenyewe alipoajiri keshia wa kwanza. Kila neno lililomo ni sahihi. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi alikuwa akikuta mauzo kwenye daftari ni makubwa kuliko fedha zilizoingia benki, na hakuna mtu aliyeweza kumwonyesha siku ambayo pengo lilizaliwa.

Nilipoombwa kusaidia, sikuanza na madaftari. Nilianza na karatasi ile ya ukutani, kwa sababu ndani ya sentensi moja imefunga kazi nne na haisemi nani afanye ipi, ipi itangulie, wala kila kazi iache alama gani. Keshia aliyeisoma alikuwa na haki ya kuifuata apendavyo. Na kweli, nilipokaa pembeni jioni ya kwanza, nilimwona akitoa kwanza ripoti ya Z ya mashine ya EFD, ile inayofunga mauzo ya siku, akaiweka mbele yake, kisha ndiyo akaanza kuhesabu noti.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtu anayehesabu huku akijua jumla anayotakiwa kuifikia hahesabu. Anatafuta jumla hiyo. Akiipata mara ya kwanza, anaacha, hata kama alikosea. Akiikosa, anahesabu tena mpaka ipatikane, au anajaza kutoka mfukoni mwake ili asiulizwe. Keshia wa duka hili alikuwa akijaza. "Mama, ikipungua elfu mbili naweka yangu, ikizidi nazitunza pembeni za kufidia siku nyingine," alimwambia mwenye duka bila kuficha, maana aliona huo ndio uaminifu wenyewe. Mama hakumkaripia, akamwambia tu, "Mwanangu, sasa mimi nitajuaje droo yangu ilikuwaje?" Daftari lake lilionyesha miezi mitatu bila upungufu wala ziada hata ya shilingi mia. Duka linalouza misumari kwa kilo na kurudisha chenji mara mia kwa siku haliwezi kuwa na rekodi ya namna hiyo. Usafi ule ndio uliokuwa dalili ya ugonjwa.

Kwa hiyo tuliandika utaratibu upya, na kanuni ya kuuandika ilikuwa moja: kila sentensi iwe na mtu mmoja, tendo moja na alama moja inayobaki, na sentensi inayofuata isiweze kutekelezwa bila alama ya iliyotangulia. Sentensi ya kwanza ikawa: "Baada ya mteja wa mwisho, keshia anahesabu fedha zote za droo na kuandika kwenye fomu idadi ya kila noti na kila sarafu, kisha anatia saini." Haikusema aandike jumla peke yake. Jumla ni rahisi kuitunga, lakini mtu aliyeandika noti 44 za elfu tano ameacha kitu kinachoweza kuhesabiwa tena na mtu mwingine. Fomu zenyewe zina namba zilizopigwa chapa na nakala ya kaboni, ili fomu isipotee kimya. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja unaosomeka, unaandika pembeni na kutia saini.

Sentensi ya pili: "Msimamizi anahesabu tena mbele ya keshia na kutia saini." Ya tatu: "Msimamizi anatoa ripoti ya Z na kuandika tofauti iliyopo, iwe upungufu au ziada, bila kuirekebisha." Angalia mpangilio huo. Ripoti inakuja baada ya saini mbili, na anayeitoa si yule aliyeshika droo kutwa. Keshia mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kukisia mauzo ya siku, ila kukisia si sawa na kuwa na tarakimu mezani.

Jioni ya pili ya utaratibu mpya ilitupa mfano mzuri kuliko ambao ningeutunga. Asubuhi droo ilianza na chenji ya shilingi 50,000. Jioni keshia aliandika noti 67 za elfu kumi, noti 44 za elfu tano, noti 38 za elfu mbili, noti 31 za elfu moja, sarafu 19 za mia tano na sarafu 10 za mia mbili. Jumla ilikuwa 1,008,500. Msimamizi akapata hiyo hiyo. Ripoti ya Z ilipotoka ilisema mauzo ya siku ni 1,284,500, na katika hayo mashine ilikuwa imeandika 316,000 kuwa ya simu na 968,500 kuwa ya taslimu. Ukiongeza chenji ya asubuhi, droo ilipaswa kuwa na 1,018,500. Umepungua msimbazi mmoja, shilingi elfu kumi kamili.

Keshia alishika mkoba wake. Tulimzuia. Msimamizi aliandika "upungufu 10,000" kwenye fomu, kisha ndiyo tukaanza kutafuta. Upungufu una sura yake, na sura hiyo inakuelekeza pa kuanzia. Ukiwa wa noti moja kamili, fikiria chenji iliyozidi, malipo yaliyotolewa droo bila vocha, au mauzo ya simu yaliyobonyezwa kuwa taslimu. Ukigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, kama 27,000, angalia kwanza kama kuna tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, mtu akaandika 36,000 mahali pa 63,000. Hilo si thibitisho, ila ni mahali pazuri pa kutazama kabla ya kumshuku mtu.

Safari hii tulifungua taarifa ya lipa namba ya siku hiyo. Ilionyesha 326,000, siyo 316,000. Mteja mmoja alilipia rangi kwa simu na keshia akabonyeza taslimu. Fedha ya duka haikupotea hata senti. Ilikuwa imekaa upande mwingine. Kama dada yule angejaza elfu kumi yake, taslimu ingelingana, simu ingezidi, na yeye angekuwa amelipa kosa la kidole. Ni mara ngapi alikuwa amelipa hivyo kabla, hakuna anayejua, kwa kuwa kila alipojaza alifuta ushahidi.

Baada ya tofauti kuandikwa, msimamizi anatenga chenji ya kesho. Siku hiyo alitenga 50,000 kwa noti za elfu moja zote 31, noti tano za elfu mbili na sarafu 18 za mia tano. Zilizobaki, 958,500, ziliingia kwenye mfuko wenye lakiri, namba ya lakiri ikaandikwa kwenye fomu, na mfuko ukalala ndani ya kasiki. Tangu hapo kiasi hicho hakiguswi. Halipwi mbeba mizigo humo, hainunuliwi luku humo, wala mwenye duka mwenyewe hachukui nauli humo. Matumizi madogo yana masurufu yake, kikopo tofauti kilichoanzishwa kwa kiasi maalumu na kila kinachotoka kina vocha. Sehemu hii ndiyo iliyomwuma Mama zaidi, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa na mazoea ya kufungua droo ya duka lake na kuchukua.

Kwa nini tulishikilia fedha ya siku iende benki nzima na peke yake? Kwa sababu ya wizi mmoja ambao haupigi kelele. Mtu anachukua laki mbili za Jumatatu. Jumanne anatoa laki mbili kwenye mauzo ya Jumanne, anaziba shimo la Jumatatu na kupeleka benki. Jumatano anaziba la Jumanne. Kila siku fedha inapelekwa, kila siku kuna stakabadhi yenye muhuri, na shimo linahama badala ya kuzibwa. Mara nyingi anaongeza kidogo kila mara, na uchelewaji unakua: mauzo ya Jumatatu yanaingia Jumanne, baadaye Jumatano, baadaye Ijumaa. Duka linalounganisha mauzo ya siku tatu katika stakabadhi moja haliwezi kuliona hilo. Duka ambalo stakabadhi ya kila siku inalingana na fomu ya siku hiyo, shilingi kwa shilingi, huliona asubuhi ya pili. Ndiyo maana hata mauzo ya Jumamosi na Jumapili, ambayo yanasubiri Jumatatu, yanakaa katika mifuko miwili na kuingizwa kwa stakabadhi mbili.

Sentensi ya kupeleka benki ikawa hivi: "Kabla ya saa nne asubuhi, dereva anapokea mfuko baada ya kukagua lakiri na kutia saini, anauweka benki au kwa wakala, na kurudisha stakabadhi siku hiyo hiyo." Stakabadhi inabanwa kwenye fomu yenye kiasi kile kile. Benki ikikataa noti bandia, stakabadhi itapungua, na noti iliyokataliwa inaandikwa kwenye fomu ile ile, si kwenye kumbukumbu ya dereva. Fomu isiyo na stakabadhi kufika jioni haina haja ya uchunguzi wa kihasibu; inaonekana kwa macho kwenye faili.

Kuna mambo ambayo utaratibu huu hauyaoni. Bidhaa iliyouzwa bila risiti haijaingia kwenye ripoti ya Z, kwa hiyo taslimu yake haidaiwi na mtu. Hilo hukamatwa kwa kuhesabu mali rafuni na stoo. Vilevile keshia na msimamizi wakikubaliana, saini mbili zinakuwa kama moja. Na duka lenye mfanyakazi mmoja halina msimamizi. Kwa jirani wa Mama, anayeuza vipodozi na msichana mmoja, tulifanya hivi: msichana anajaza fomu, anaipiga picha na kumtumia mwenye duka, na picha ya ripoti ya Z inafuata baadaye. Saa ya ujumbe inaonyesha ipi ilitangulia.

Sasa mara moja kwa mwezi Mama anafumba macho na kuchomoa fomu moja kwenye faili. Anaanza na idadi ya noti, anakwenda kwenye jumla, ripoti ya Z, tofauti, lakiri, stakabadhi, mpaka mstari wa taarifa ya benki. Mara ya kwanza alichomoa, bila kukusudia, fomu ya ile jioni ya elfu kumi. Neno "upungufu" lilikuwa pale kwa mkono wa msimamizi, na chini yake maelezo ya lipa namba yenye saini mbili. Akapitisha kidole kwenye taarifa ya benki ya siku iliyofuata mpaka kikasimama kwenye 958,500. Alitumia dakika saba.