Jumamosi ya Kweli Samoa ni Ipi?

Karibu kila ninapozungumza juu ya saa na kalenda, Msabato mmoja husimama na kuuliza: Jumamosi ya kweli kule Samoa ni ipi, ile ya serikali au ile ya longitudo 180? Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naanza na kosa lililomo ndani yake. Muulizaji anaamini kuwa duniani kuna mahali pamoja ambapo siku huanza kwa sheria ya maumbile. Mahali hapo hapapo.

Kilichozua swali kinajulikana. Samoa ililala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, ikaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ilirukwa. Serikali ilitaka siku za kazi zilingane na za Australia na New Zealand, ambako ndiko biashara yake iliko. Kanisa la Waadventista Wasabato nchini humo likaamua kuabudu siku ambayo serikali sasa inaiita Jumapili. Baadhi ya waumini walikataa, wakashika Jumamosi ya kalenda mpya, na mgawanyiko ukatokea.

Wanaotetea longitudo 180 hutoa hoja moja: Samoa iko nyuzi 172 magharibi, kwa hiyo haijavuka mstari, na kalenda yake mpya ni ya uongo. Hoja hii inapendwa kwa sababu atlasi ya shuleni inauchora mstari wa tarehe kama mpaka wa nchi. Lakini hakuna mkataba wa kimataifa uliouweka mstari huo. Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ulichagua Greenwich iwe longitudo sifuri, na ulichagua kwa kura. Kuziamulia nchi tarehe zao haukufanya. Nyuzi 180 ni upande wa pili wa Greenwich, basi. Wajumbe wangechagua Paris, mstari huo unaoitwa wa kweli ungesogea zaidi ya nyuzi mbili.

Mwenye hoja hiyo na aende Taveuni, nchini Fiji. Longitudo 180 inapita juu ya kisiwa chenyewe. Kama ingekuwa mpaka wa siku, mtu angetoka nyumbani kwake Jumamosi, akatembea hatua chache, akajikuta Ijumaa. Fiji yote inatumia tarehe moja, na hakuna aliyeibiwa siku.

Historia ya Samoa yenyewe inaivunja hoja hiyo. Wamisionari waliokuja kutoka upande wa Sydney walileta tarehe ya Australia. Mwaka 1892 wafanyabiashara waliotazama Marekani walifanikiwa kuibadilisha, na Jumatatu tarehe 4 Julai ikahesabiwa mara mbili. Wiki moja ilikuwa na siku nane, na mwaka 2011 wiki nyingine ikawa na siku sita. Kisiwa hakikusogea hata hatua moja.

Sasa tuhesabu. Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi, Jumamosi. Wakati huo huo Apia, mji mkuu wa Samoa, ni saa moja jioni, Jumamosi. Pago Pago, katika Samoa ya Marekani, kilomita kama 125 tu kutoka hapo, nako ni saa moja jioni, lakini Ijumaa. Sabato huanza jua linapozama. Kwa hiyo Msabato wa Pago Pago ameingia Sabato yake ya Jumamosi, na Msabato wa Apia anayeabudu Jumapili naye ameingia yake, katika jioni ile ile. Jina la siku ndilo lililobadilika, saa zake ni zile zile walizozishika pamoja kabla ya Desemba 2011. Aliyeshika Jumamosi ya Apia, yeye amekwisha kuimaliza, na mwenzake wa Fiji anaimaliza jioni hiyo hiyo. Kila mmoja anahesabu hadi saba bila kukosea. Wanatofautiana mahali pa kuanzia hesabu, na jambo hilo jua haliwezi kuwaamulia.

Kwa msafiri, mambo ni mafupi. Tonga, Wasabato wengi huabudu Jumapili. Fiji ni Jumamosi. Samoa uliza kanisa unalolifuata kabla ya kukata tiketi. Ukiruka jioni ya Jumamosi kutoka Apia kwenda Pago Pago, utatua jioni ya Ijumaa, na kama umeshika Jumamosi, utakutana nayo tena. Andika tarehe ya mahali pamoja na saa, wala usitegemee simu peke yake.

Nawaomba wasomaji waache kuwaita waasi ndugu wa Samoa wanaoshika siku tofauti na wao, kwa sababu ya mstari wa atlasi tu. Mstari wa tarehe hupita pale serikali za visiwa zinapoamua, na Samoa imeamua mara mbili.