Kusimama, kusitisha, kukata, kukoma: ukali wa vitenzi katika tangazo kwa wateja

Tangazo linalomweleza mteja kwamba hatapata huduma aliyoizoea huegemea kitenzi kimoja. Mteja akikisoma hutaka kujua mambo mawili: je, huduma itarudi, na je, kosa ni lake au la mtoa huduma? Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyajibu yote mawili, lakini havilingani kwa ukali, na kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine bila kubadilisha ujumbe.

Chepesi kuliko vyote ni kusimama. "Huduma za malipo zitasimama kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri kupisha matengenezo" ni tangazo lisilomtisha mtu, kwa sababu kilichosimama hutarajiwa kuendelea. Kusimamisha ni kizito kidogo, maana hapo kuna mtu aliyetoa uamuzi. Hata hivyo, mlango bado uko wazi. Ndivyo ilivyo maofisini: aliyesimamishwa kazi husubiri uchunguzi na huenda akarudi, aliyeachishwa kazi hana cha kusubiri, na aliyefukuzwa ameondoka na lawama juu yake.

Kusitisha ndicho kitenzi kinachopendwa zaidi na waandishi wa matangazo, na ndicho kinacholeta utata mwingi. Kimetokana na kusita, yaani kutua kidogo kabla ya kuendelea, na kwa asili hiyo kinaashiria kitu cha muda. Lakini matumizi yamekipeleka mbali zaidi. Shirika la ndege husitisha safari kwa wiki mbili kwa sababu ya hali ya hewa, na mwajiri husitisha mkataba wa mtumishi ambaye hatarudi tena. Kwa hiyo sentensi "Tumesitisha safari za Mtwara" haijakamilika. Abiria mmoja atangoja, mwingine atatafuta usafiri mwingine. Kitenzi hiki huhitaji mwenzake: "kwa muda", "hadi tutakapotoa taarifa nyingine", au "moja kwa moja". Sauti yake ni ya kiofisi na ya upole, na ndiyo maana mamlaka za maji hupenda kuandika kwamba wadaiwa "watasitishiwa huduma", ingawa mtaani kila mtu atasema wamekatiwa maji.

Kukata hakina upole huo. Nguvu yake inaonekana vizuri zaidi katika minyambuliko. "Umeme umekatika" hakimtaji mtendaji: huenda nguzo imeanguka, huenda ni hitilafu ya mitambo. "Umeme umekatwa" kinaonyesha kwamba kuna mkono wa mtu. "Tumekatiwa umeme" kinaongeza kwamba mkono huo umewalenga wenye nyumba, na jirani akisikia hivyo hufikiria deni mara moja. Shirika linalozima njia moja ya umeme ili kubadilisha transfoma likiwaandikia wateja kwamba "watakatiwa umeme" linawatia aibu watu waliolipa. Neno la kawaida la taarifa kama hizo ni katizo la umeme, kwa sababu linataja tukio bila kumnyooshea mtu kidole. Kwa upande mwingine, mdaiwa aliyekwisha kukumbushwa anastahili kuambiwa wazi: "Usipolipa kufikia Ijumaa, maji yatakatwa." Hapo upole wa kusitisha unaweza kumfanya adhani bado ana nafasi ya kujadiliana.

Kundi la kufunga, kuzima na kufuta hutumika kwa laini za simu na akaunti. Kipimo chake ni rahisi: kitenzi chenye kinyume chake humwachia mteja njia ya kurudi. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichozimwa huwashwa. Tanzania ilipowataka watumiaji wa simu wasajili laini kwa alama za vidole, mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kuzimwa ni onyo lenye matumaini kuliko kufutwa. Namba iliyofutwa haidaiwi tena na mwenyewe. Nchini Kenya, kwa uamuzi usiorudi nyuma kama wa kunyang'anya leseni, husemwa imefutiliwa mbali, na maneno hayo mawili yanazima matumaini yote.

Kukomesha ndicho kikali kuliko vyote, na mara nyingi hukosewa. Maana yake ya kamusi ni kukifanya kitu kiishe kabisa, lakini katika mazungumzo na siasa kinachokomeshwa ni kitu kibaya: wizi, rushwa, utoro, uvuvi wa baruti. Mzazi akimwambia mtoto "nitakukomesha" anazungumzia adhabu. Kampuni inayoandika "tumekomesha huduma hii" inaonekana kama inayojilaumu kwa kuwahi kuitoa, au kama inayowaadhibu walioitumia. Huduma inayoisha kwa heri huachwa kutolewa, huondolewa, au hufikia kikomo. Wakenya huweza pia kuitamatisha.

Mkataba una vitenzi vyake. Kuvunja mkataba hudokeza kwamba upande mmoja umekiuka makubaliano, kwa hiyo mtoa huduma anayefuata utaratibu wa notisi hujiharibia mwenyewe akiandika kwamba anauvunja. "Mkataba utakwisha" humfaa anayefika mwisho wa muda uliokubaliwa, na "tunasitisha mkataba" humfaa anayeumaliza kabla ya muda kwa kufuata kifungu kinachoruhusu hivyo.

Tuchukue mfano wa kampuni ya intaneti ya majumbani inayotaka kuacha kuuza kifurushi cha zamani mwishoni mwa Juni. Rasimu ya kwanza inasomeka hivi:

"Tunapenda kuwataarifu wateja wetu kwamba tumekomesha Kifurushi cha Nyumbani hadi tarehe 30 Juni saa 6 usiku. Wateja watasitishiwa huduma."

Kasoro ni nne. Kukomesha kunatoa sauti ya adhabu. "Hadi" inaweza kueleweka kwamba kifurushi kitarudi baada ya tarehe 30. "Saa 6 usiku" ya tarehe 30 inaweza kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo au wa kuamkia Julai mosi. Na "watasitishiwa huduma" inawaweka watu waliolipa katika fungu moja na wadaiwa, huku ikiacha swali kama intaneti yote inaondoka au ni kifurushi kimoja tu.

Rasimu iliyosahihishwa inagawa mambo hayo, kila moja na kitenzi chake:

"Kuanzia Julai 1, Kifurushi cha Nyumbani hakitauzwa tena. Siku ya mwisho ya kukinunua ni Juni 30, hadi saa 5:59 usiku. Mteja ambaye kifurushi chake bado kina siku ataendelea kukitumia mpaka kiishe. Akaunti yako haitafungwa na salio lako halitapotea. Unaweza kuchagua kifurushi kingine wakati wowote."

Sentensi ya kwanza ina msimamo usioyumba, kwa sababu "hakitauzwa tena" haiachi nafasi ya kujadiliana, lakini haina ukali. Ya pili inaondoa utata wa usiku wa manane kwa kutaja siku moja tu na dakika ya mwisho. Ya tatu inamhakikishia mteja kwamba alicholipia hakikatizwi. Ya nne inataja vitenzi viwili ambavyo angeviogopa, kufungwa na kupotea, na kuvikanusha. Tangazo la deni lingekwenda kinyume: lingetaja kiasi, siku na kitenzi kukata bila kukipamba, kisha lingeeleza nini kifanyike ili huduma irudishwe.