Saa Nane ya Mchana, Saa Nane ya Usiku: Kupanga Kikao cha Wodi kwa Watumishi wa Zamu

Katika wodi nyingi kikao cha watumishi huitishwa saa 8 mchana. Madaktari wamekwisha kupita wodini, dawa za mchana zimekwisha kutolewa, na zamu ya jioni imeingia. Kwa anayefanya kazi mchana, muda huo hauna dosari. Kwa mkunga aliyetoka zamu ya usiku asubuhi ile, saa 8 mchana ni katikati ya usingizi wake, kama vile saa 8 usiku ilivyo kwa wenzake. Hakuna kiongozi ambaye angemwamsha muuguzi wa asubuhi saa 8 usiku ili ahudhurie kikao, lakini kinyume chake hufanyika bila mtu kushangaa.

Madhara yake huanzia kwenye jambo dogo. Tuchukue mfano wa wodi ya wazazi ambayo kikao chake cha mchana kinaamua kuhamishia oksitosini kwenye jokofu la chumba kingine, kwa kuwa jokofu la wodi halishiki baridi inayotakiwa, yaani nyuzijoto 2 hadi 8. Uamuzi ni sahihi. Lakini wakunga watatu wa zamu ya usiku hawakuwapo, na hakuna aliyeuliza swali ambalo wao wangeliuliza kwanza: ufunguo wa chumba hicho hukaa na nani baada ya jua kuchwa? Mzazi akianza kutokwa na damu nyingi saa 9 usiku, dakika zinazotumika kutafuta ufunguo ni dakika za uhai wake.

Kwa nini usingizi wa mchana haugawanyiki

Ndani ya ubongo, juu ya makutano ya neva za macho, kipo kiini kidogo kinachoongoza saa ya mwili kwa kufuata mwanga. Saa hiyo hushusha joto la mwili usiku, likafika chini kabisa karibu na alfajiri, kisha hulipandisha mchana. Mtu anayelala asubuhi hulala wakati mwili wake unajiandaa kuwa macho. Ndiyo maana usingizi wake huwa mwepesi na mfupi kwa saa kadhaa kuliko ule wa usiku, hata chumba kikiwa kimya.

Mkunga anayetoka kazini saa 1:30 asubuhi hufika nyumbani, huoga, hula, na pengine hupata usingizi saa 3:30. Akitakiwa kikaoni saa 8 mchana, ni lazima aamke saa 6:30. Amelala muda wa saa tatu tu, na saa 1:30 usiku anatakiwa tena wodini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania huweka mapumziko ya kila siku ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kikao cha lazima hukata mapumziko hayo vipande viwili.

Wako wanaodhani suluhisho ni kumfanyia kikao kabla hajaondoka asubuhi. Hesabu inakataa. Kama aliamka saa 9 alasiri ya jana, kufikia saa 1:30 asubuhi amekuwa macho kwa saa 16 na nusu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na uwezo wa kutenda sawa na mwenye miligramu 50 za kileo katika kila mililita 100 za damu. Kikao cha saa moja humvusha mpaka huo, na bado ana safari ya kurudi nyumbani. Hali ni mbaya zaidi asubuhi ya kwanza ya zamu, kwa kuwa huenda hajalala tangu saa 12 asubuhi ya siku iliyotangulia. Wakati huo unafaa kukabidhiana wagonjwa tu.

Kikao kimoja, mikutano miwili

Njia inayofaa ni kutazama ratiba ya zamu na kutafuta pale zamu mbili zinapokutana. Katika wodi ya mfano wetu, zamu ya asubuhi ni saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri na ina watumishi saba. Ya jioni ni saa 8:00 mchana hadi saa 2:30 usiku na ina wanne. Ya usiku ni saa 1:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi na ina watatu. Zamu hukutana kwa saa moja mchana, na kwa saa moja usiku.

Nusu ya kwanza ya kila saa hiyo ni ya kukabidhiana wodi, na haiguswi. Nusu ya pili ndiyo ya kikao. Saa 8:30 mchana hukutana wanne wa jioni na wanne wa asubuhi. Watatu wa asubuhi hubaki na wagonjwa, wakiwa wamekwisha kumpa mwenzao maoni yao. Saa 2:00 usiku ajenda ile ile hufunguliwa tena kwa watatu wa usiku. Wa jioni, ambao wamekwisha kukutana, hubaki na wagonjwa hadi saa 2:30. Mgonjwa akiita wakati huo, wao ndio huitika.

Anayebeba usumbufu ni muuguzi kiongozi, kwa kuwa huhudhuria mikutano yote miwili. Siku hiyo huingia kazini saa 6 mchana, na kesho yake haingii kabla ya saa 2:30 asubuhi, ili naye apate saa zake 12.

Kanuni moja hulinda utaratibu huu: hakuna uamuzi unaoanza kutumika kabla ya mkutano wa pili. Mchana huandikwa pendekezo, na usiku huandikwa uamuzi. Wa usiku wakilipinga, pendekezo hurudi kwa wa mchana. Bila kanuni hiyo, mkutano wa usiku hugeuka kuwa tangazo, na baada ya miezi michache watumishi huacha kuzungumza. Katika mfano wa oksitosini, swali la ufunguo lingeulizwa saa 2:10 usiku, na jibu lingeandikwa kabla ya jokofu kuhamishwa.

Mipaka yake na namna ya kuipima

Utaratibu huu hautoshi wodi yenye mtumishi mmoja usiku, wala usiku wenye wazazi wengi katika uchungu. Hapo mkutano wa pili huahirishwa hadi usiku unaofuata, na uamuzi husubiri. Usisogezwe hadi saa 9 au saa 10 usiku kwa kuwa wodi imetulia: hapo ndipo umakini wa mwili huwa chini kabisa.

Idadi ya waliohudhuria haionyeshi kama utaratibu unafanya kazi. Daftari la mahudhurio ligawanywe kwa zamu, na muhtasari uonyeshe kila hoja imetoka zamu ipi. Kama katika vikao vitatu mfululizo hakuna hoja hata moja iliyotoka zamu ya usiku, tatizo bado lipo. Ujumbe wa simu kuhusu kikao nao utumwe saa 1 jioni, si saa 5 asubuhi, maana mlio wa simu humwamsha aliyelala kama kikao chenyewe.