Nane Iliyolala: Njia ya Nukta Inayovutwa Pande Mbili

Mwaka 1815, Nathaniel Bowditch, mwanahisabati wa Salem, Massachusetts, alichunguza penduli ambayo haibembei upande mmoja tu. Kila aliye na kamba, fimbo na kizito anaweza kuitengeneza. Kamba mbili hufungwa kwenye fimbo iliyolazwa, mbali kidogo moja na nyingine, zikashuka na kukutana kwenye fundo. Kutoka kwenye fundo hushuka kamba moja yenye kizito, na umbo zima hufanana na herufi Y.

Siri iko kwenye fundo. Kizito kikisukumwa sambamba na fimbo, kamba mbili za juu hulizuia fundo, kwa hiyo kinachobembea ni kipande cha chini peke yake. Kikisukumwa kuikata fimbo, Y yote hubembea, kuanzia kwenye fimbo hadi chini. Penduli moja basi ina urefu wa aina mbili, na penduli ndefu hubembea polepole kuliko fupi.

Tuseme kutoka kwenye fimbo hadi katikati ya kizito ni sentimita 100, na kutoka kwenye fundo hadi hapo ni 25. Muda wa penduli hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake: urefu ukiwa mara 4, muda huwa mara 2. Mbembeo mrefu utachukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi, na mfupi sekunde 1. Kizito kikiwa kichupa chenye tundu kinachomwaga mchanga laini, karatasi iliyo chini yake huandikwa njia ya nukta inayotii miendo miwili kwa wakati mmoja.

Njia hiyo inaweza kufuatwa kwa kidole. Mwendo wa polepole na uende kulia na kushoto, ule wa haraka juu na chini, na nukta ianzie katikati. Mwendo wa polepole unapofika ukingo wa kulia, wa haraka umeshapanda hadi kilele na kurudi katikati. Unaporudi kutoka kulia, wa haraka unazama hadi chini kabisa kisha unapanda, na yote mawili yanakutana tena pale pale katikati. Tanzi la kulia limekamilika. Upande wa kushoto hujirudia vivyo hivyo, na kwenye karatasi hubaki namba nane iliyolala ubavu.

Lakini anayekivuta kichupa pembeni kimshazari na kukiachia tu hapati nane. Anapata upinde mmoja, ambao nukta huupita kwenda na kurudi juu ya njia ile ile. Uwiano ni ule ule wa 2 kwa 1. Kilichobadilika ni hatua ambayo kila mwendo umefikia pale mwingine unapoanza. Ili nane itokee, kichupa huvutwa upande wa mbembeo mrefu peke yake, kisha wakati wa kukiachia husukumwa kidogo sambamba na fimbo.

Fundo likikosewa kwa sentimita moja tu, kipande cha chini kikawa 24, nane haitulii. Hujikunja polepole, ikawa upinde, ikafunguka tena kuwa nane, na baada ya takriban sekunde 49 huwa imerudi ilipoanzia. Hapa kosa lenyewe linageuka kipimo: mzunguko wa sekunde 49 maana yake mwendo wa haraka umeachana na uwiano kamili kwa mtikisiko mmoja katika kila sekunde 49. Tatizo la mchanga ni kwamba hewa huufifisha mbembeo, na mchoro husinyaa kabla jicho halijashiba.

Mfaransa Jules Antoine Lissajous, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye michoro hii, aliondoa mchanga akatumia mwanga. Katika miaka ya 1850 alibandika vioo vidogo kwenye uma za sauti mbili, moja ikitikisika wima na nyingine mlalo. Mwali wa mwanga uligonga kioo cha kwanza, ukarukia cha pili, ukatua ukutani. Uma hutikisika mamia ya mara kwa sekunde, hivyo jicho liliona mstari mzima badala ya nukta inayokimbia. Fundi aliweza kulinganisha uma mpya na uma wa mfano bila kutegemea sikio: mchoro ukitulia, uwiano ni sahihi, ukizunguka, chuma kinahitaji kukwanguliwa zaidi.

Fundi wa umeme huufanya ulinganisho huo huo kwenye osiloskopu, akipeleka mawimbi mawili kwenye kioo kimoja. Huhesabu mara ambazo mchoro unagusa ukingo wa juu, kisha mara ambazo unagusa ukingo wa pembeni. Nane iliyolala hugusa juu mara 2 na kulia mara 1, kwa hiyo wimbi la wima lina mitikisiko maradufu ya lile la mlalo. Akiukuta mchoro umejikunja kuwa upinde wenye ncha, hesabu hiyo humdanganya, maana mistari miwili imelaliana. Husubiri ufunguke, ndipo ahesabu.