Cheti cha kuhudhuria, cheti cha kufaulu

Kijana aliyekaa mbele yetu alikuwa na faili lenye vyeti kumi na kimoja. Kulikuwa na cha uongozi, cha ujasiriamali, na vingine vya semina alizohudhuria kwa njia ya mtandao. Nafasi yenyewe ilikuwa ya fundi mitandao ya kompyuta, na kwenye wasifu wake alikuwa ameandika neno lililotuvutia sote: CCNA. Mwenzangu akamwomba namba ya uthibitisho. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani mkuu, nilisoma kozi yake. Mtihani sijafanya."

Hakuwa mwongo. Alichanganya tu vitu viwili ambavyo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huvichanganya. Kuna cheti kinachosema ulikuwepo, na kuna cheti kinachosema ulipimwa ukafaulu. Cha kwanza hutolewa na aliyekufundisha mara umalizapo kozi. Cha pili hutolewa baada ya mtihani wenye usimamizi, na mwajiri anaweza kukihakiki mwenyewe bila kukuuliza. Anayetafuta ajira ya kwanza hana bosi wa zamani wa kumsemea, kwa hiyo cheti cha aina ya pili ndicho kinachojaza pengo hilo.

Tuichukue hiyo CCNA. Ni cheti cha kampuni ya Cisco kwa wanaojenga na kutunza mitandao ya kompyuta. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki hufundisha kozi tatu zinazomwandaa mwanafunzi, kupitia mpango wa Cisco Networking Academy. Ukimaliza kila kozi unapata cheti cha kumaliza, lakini hata ukiwa navyo vyote vitatu bado huna CCNA. Inakubidi uketi mtihani wenye namba 200-301, wa dakika 120. Ukishajibu swali na kusonga mbele huruhusiwi kulirudia, na hilo huwakwaza waliozoea kuruka maswali magumu ili wayarudie mwishoni.

Mtihani huo ni dola 300 kabla ya kodi, zaidi ya shilingi laki saba za Tanzania, fedha inayoweza kumeza bumu lote la mwanafunzi. Ndiyo maana njia ya chuoni ina faida: anayefanya vizuri kwenye mtihani wa mwisho wa kozi ya tatu huweza kupewa punguzo la ada. Muulize mwalimu wa kozi masharti yake kabla hujaketi mtihani huo wa mwisho, kwa sababu jaribio la kwanza ndilo linaloangaliwa.

Jambo la pili ni lini. CCNA hudumu miaka mitatu tangu siku uliyofaulu, kisha huisha usipoihuisha. Anayekimbilia kuifanya mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka minne anaweza kuhitimu cheti kimekwisha. Mpango unaofaa ni kuanza kozi ya kwanza mwaka wa pili, kuendelea na nyingine mbili muhula hadi muhula, na kuketi mtihani likizo ndefu kabla ya mwaka wa mwisho, baada ya kurudi fildi. Ukiwa fildi umeshika swichi na kebo halisi, na mambo uliyoyaona kwenye programu ya mazoezi ya Packet Tracer yameshakuingia.

Sasa turudi kwenye chumba cha usaili, maana cheti hukufikisha hapo, kisha huanza maswali. Swali ninalolipenda ni hili: umepewa mtandao wa 192.168.10.0/24, wenye anwani 256. Ofisi ina idara tatu. Uhasibu wana kompyuta 50, mauzo 28, na ufundi 12. Gawa.

Anayeijua kazi huanza na idara kubwa. Anajua kwamba mafungu ya anwani huja kwa kuzidisha mbili kila hatua: 16, 32, 64, 128. Anajua pia kwamba katika kila fungu anwani mbili hazigawiwi kompyuta. Ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho ni ya kutangazia ujumbe kwa wote. Kwa kompyuta 50, fungu la 32 halitoshi, kwa hiyo anachukua la 64, linalobaki na 62. Mauzo anawapa fungu la 32, linalobaki na 30. Ufundi wanapata la 16, linalobaki na 14. Kwenye karatasi anaandika hivi:

```
Uhasibu  192.168.10.0/26
Mauzo    192.168.10.64/27
Ufundi   192.168.10.96/28
```

Ni kazi ya dakika tatu. Lakini mimi husubiri anachokisema baada ya kuweka kalamu chini. Aliyeelewa huuliza, "Je, mauzo wanatarajia kuongezeka?" Ameona kwamba watu 28 katika nafasi 30 ni mbanano, na kwamba printa mbili tu zitalijaza fungu lile. Aliyekariri huandika jibu sahihi, nikibadilisha 28 kuwa 31 anatoka jasho.

Na wa kukariri wapo, kwa sababu maswali yanayodaiwa kuwa ya mtihani huuzwa kwa siri na kuzungushwa kwenye makundi ya simu. Achana nayo. Cisco wakigundua wanaweza kufuta matokeo na kukufungia mitihani yao, na hata wasipogundua, dakika tatu za karatasi ile zitakuumbua.

Kosa jingine ni dogo lakini linaumiza. Siku ya mtihani jina ulilojisajilia lazima lilingane na la kitambulisho chako. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, mawili kwenye barua pepe, na jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukikataliwa mlangoni, ada inaweza kupotea. Lisawazishe jina kabla ya kulipa.

Asiyesoma kompyuta naye afuate kanuni ileile ya kutafuta cheti chenye mtihani katika fani yake. Mwanafunzi wa uhasibu nchini Kenya anaweza kufanya mitihani ya CPA ya Kasneb huku akiendelea na shahada, na waajiri huitambua hata ngazi aliyofikia kabla hajaimaliza yote. Tanzania bodi ni NBAA. Ila apige hesabu kwanza: bodi hizi huwasamehe wenye shahada husika baadhi ya karatasi, kwa hiyo anayekimbilia kulipia kila kitu mapema anaweza kulipia mtihani ambao angesamehewa baada ya kuhitimu. Apate orodha ya misamaha ya shahada yake, kisha aanze na karatasi zisizosamehewa.

Kijana wetu hakupata nafasi ile. Kabla hajatoka tulimshauri afute neno moja kwenye wasifu wake na kuandika "amemaliza kozi tatu za maandalizi ya CCNA, anajiandaa kwa mtihani." Huo ndio ulikuwa ukweli wake, na ungemtosha kuombea nafasi ya mazoezi kazini. Tulimwomba pia apunguze faili. Kati ya vyeti kumi na kimoja, vilivyohusu kazi aliyoiomba vilikuwa vitatu, navyo alikuwa amevipanga mwishoni kabisa.