Ripoti ya MRI ya Goti Inasema Nini?

Septemba 2024, Rodri wa Manchester City aliumia goti la kulia katika mechi dhidi ya Arsenal: ligamenti mtambuka ya mbele na meniska. Ripoti ya jeraha kama hilo husomwaje?

Anza na ligamenti. Ikiwa nzima, huonekana kama mkanda mweusi ulionyooka. Ikikatika, nyuzi zake hukosa mwendelezo, na mara nyingi mifupa huonyesha mivilio ya damu.

Meniska ni gegedu linalopunguza mtikisiko. Weupe uliobaki ndani yake si lazima uwe mchaniko. Ukifika kwenye uso wake, mchaniko hushukiwa.

Maji mengi gotini ni dalili tu, hayataji chanzo.

Mchezaji amwombe daktari alinganishe ripoti na uchunguzi wa mikono kabla ya kukubali upasuaji.