Michango ya pensheni Ujerumani: kuidai au kuiacha?

Kila mwezi, kwenye hati ya mshahara ya mtu anayefanya kazi Ujerumani, asilimia 9.3 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya pensheni. Mwajiri naye huongeza asilimia 9.3 yake. Mkenya au Mtanzania anayefunga virago na kurudi nyumbani moja kwa moja anaruhusiwa kuomba arudishiwe fedha hizo, kwa kuwa nchi hizi hazina mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani. Wengi huomba haraka, kwa sababu kiwanja na ujenzi havingoji.

Kinachorudishwa, hata hivyo, ni sehemu ya mfanyakazi peke yake. Sehemu ya mwajiri hubaki huko, na fedha zinazorudi hazina riba.

Chukua mfano wa muuguzi aliyelipwa yuro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa miaka sita. Makato yake ni yuro 279 kwa mwezi, na baada ya miezi 72 yanafika yuro 20,088. Hizo ndizo atakazorudishiwa. Asipozidai, hesabu huenda kwa pointi: anayepata mshahara wa wastani wa nchi hupewa pointi moja kwa mwaka, na anayepata pungufu hupewa kwa kadiri ya mshahara wake. Kwa viwango vya 2025 muuguzi huyu ana pointi 4.3 hivi, na kuanzia Julai mwaka huo kila pointi ilikuwa na thamani ya yuro 40.79 kwa mwezi. Akifikisha miaka 67 atalipwa takriban yuro 175 kila mwezi hadi kufa kwake. Ndani ya miezi 115, yaani kabla ya kutimiza miaka 77, atakuwa amepokea kiasi kile kile ambacho angerudishiwa, na kila mwezi unaofuata ni faida. Tena thamani ya pointi hupitiwa upya kila Julai kufuatana na mwenendo wa mishahara ya Ujerumani, kwa hiyo zile yuro 175 ni za viwango vya 2025, si za siku atakapostaafu.

Sharti kubwa ni miezi 60 ya bima. Chini ya hapo hakuna pensheni ya uzeeni, na kwa aliyefanya kazi miaka miwili au mitatu asiyetarajia kurudi Ulaya, kudai michango ni jambo la busara kabisa. Kama bado anafikiria kazi Uholanzi au Austria, asubiri kwanza, maana miezi ya bima katika nchi za Umoja wa Ulaya huweza kuunganishwa.

Lakini miezi 60 haihesabiwi kwa kazi tu, na hapa ndipo akina mama wengi wanapopoteza haki yao bila kujua. Mzazi anayelea mtoto akiwa na makazi Ujerumani huhesabiwa hadi miaka mitatu ya bima kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu 1992, bila kutoa senti, na kwa kiwango kinachokaribia mshahara wa wastani. Tuseme mama alifanya kazi miezi 40 kwa mshahara ule ule, kisha akakaa nyumbani na mtoto miezi 24 kabla ya kuondoka. Akidai michango atapata yuro 11,160, kwa sababu miezi ya malezi haina makato ya kurudishwa. Akiiacha, ana miezi 64 na pensheni ya yuro 178 hivi kwa mwezi. Malipo ya miaka mitano na ushee yanatosha kufidia fedha alizoziacha. Ila miezi ya malezi haijiandiki yenyewe. Ni lazima aiombe, akiambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Anayeamua kudai hana budi kungoja miezi 24 tangu alipotoka kwenye bima, na awe anaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Ombi halilipiwi. Wakala anayedai asilimia ya fedha hizo anauza kazi ambayo mhusika angeifanya mwenyewe kwa kujaza fomu ya Deutsche Rentenversicherung. Fedha zikishalipwa, bima yote hufutwa, pamoja na miezi ya malezi na haki ya mjane au yatima kupata pensheni ya marehemu. Hakuna kudai nusu na kubakiza nusu, wala kurudisha fedha ili miezi ifufuliwe.

Anayeamua kuiacha naye ana kazi yake. Kabla ya kupanda ndege aombe taarifa ya michango, ailinganishe mwezi kwa mwezi na hati zake za mshahara, kisha aihifadhi pamoja na namba yake ya bima mahali ambapo mwenzi wake anapajua. Pensheni hailetwi bila kuombwa. Tangu Oktoba 2013 hulipwa nzima hata kwa raia wa Afrika anayeishi kwao, ingawa Ujerumani inaweza kuitoza kodi, na kila mwaka mstaafu hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai. Asipoirudisha, malipo husimamishwa.